Kukabidhi Duka Mzee Akiwa Hai



Nimeombwa nizungumze juu ya kuachiana biashara ndani ya familia. Mada ni pana na usiku si mrefu, kwa hiyo nitachukua duka moja tu, nalo ni duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Tanga. Msilitafute mtaani. Nimeliunga kwa vipande vya maduka mengi niliyoyakagulia hesabu, na kila tarakimu nitakayotaja nimeichagua iwe nyepesi kuifuata.

Mwenye duka ana miaka 62. Ana mke, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Mkubwa wa kiume yuko Maskati, amejenga huko na ameoa huko. Wa pili ni mwalimu Dodoma. Binti mmoja huja dukani jioni kuandika hesabu, wengine wawili wameolewa. Anayefungua duka saa moja asubuhi na kulifunga jioni ni mtu mwingine kabisa: kijana wa duka, ambaye alikuja akiwa na miaka 20 na sasa ana 38, ila bado anaitwa kijana. Yeye ndiye anayejua fundi yupi alipe kwanza ndipo apewe nondo.

Mzee anasema: "Mambo yote yako sawa, nikiondoka watajua la kufanya." Hebu tutazame kama kweli watajua.

Duka hili lina jina zuri ukutani, lakini machoni pa sheria duka na mzee ni mtu mmoja. Namba ya mlipakodi ni yake. Mashine ya EFD imesajiliwa kwa namba hiyo hiyo. Leseni ina jina lake, akaunti ya benki ina jina lake, na lipa namba ambayo wateja hulipia imefungwa na kitambulisho chake cha NIDA na alama za vidole vyake. Siku mzee akifariki, vyote hivi vinafariki naye. Benki ikipata habari inasimamisha akaunti. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inachukua cheti cha kifo, inakwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi, kisha inasubiri tangazo lipite na pingamizi zisikilizwe. Shauri lisilo na ugomvi huchukua miezi. Lenye ugomvi sitaki hata kulitaja.

Katika miezi hiyo kuna watu wawili wa kuwaangalia. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa jumla pale Gerezani, Dar es Salaam, aliyekuwa anamkopesha mzee mzigo kwa siku 30 bila karatasi. Alimkopesha mzee, hakulikopesha duka. Atataka chake, na mzigo mpya hatautoa. Wa pili ni fundi anayedaiwa. Huyu akisikia msiba anakuja kuzika, analia kwa dhati, kisha hapiti tena mtaa ule. Ndani ya wiki chache duka linakuwa na rafu tupu upande mmoja na madeni yasiyo na mwenyewe upande wa pili. Nimeona maduka yakifa hivi hali mali ikiwa bado imo ndani.

Msidhani ni shida ya wadogo tu. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na Tuskys, duka lililoanzia Rongai, Nakuru, likawa mtandao wa matawi nchi nzima. Mwasisi wake, Joram Kamau, alifariki 2002. Miaka kumi baadaye wanawe walikuwa wanashitakiana mahakamani, na kufikia 2021 rafu zilikuwa zimebaki tupu. Sababu zilikuwa nyingi, madeni ya wasambazaji yakiwemo, lakini ndugu waliokuwa hawaaminiani hawakuwa na njia ya kuamua pamoja jinsi ya kuyabeba madeni hayo.

Sasa turudi dukani kwetu. Jambo la kwanza ni kujua nani anataka. Wazee wengi humuuliza mtoto ana kwa ana: "Mwanangu, utalishika duka?" Mtoto aliyelelewa vizuri atajibu nini zaidi ya "Ndiyo, baba"? Jibu hilo ni heshima, halina taarifa ndani yake. Mtume mjomba au shangazi akaulize, tena asiulize kama anataka duka. Aulize kama yuko tayari kuacha kazi yake mwakani, akae miaka miwili chini ya kijana wa duka, kwa mshahara wa duka. Wa Maskati atacheka. Mwalimu ataomba muda wa kufikiri, na hatarudi na jibu. Binti anayeandika hesabu atasema anapenda kazi ya hesabu lakini ana watoto wadogo, hawezi kulala Dar kufuata mzigo. Hapo ukweli umepatikana bila mtu kuvunjiwa heshima: hakuna mtoto wa kulishika duka, ila kuna mmoja wa kulilinda.

Jambo la pili ni kujua duka lina thamani gani. Muulize mzee, atakwambia milioni 150. Amehesabu jengo, amehesabu kiwanja, amehesabu bei za kuuzia, na amehesabu jasho lake. Sisi jengo tunalitoa nje ya hesabu, maana jengo ni la mzee na litabaki ndani ya familia. Kinachokabidhiwa ni biashara iliyomo ndani.

Funga duka Jumapili, hesabu kila kitu kwa bei ya kununulia. Tuseme bidhaa zimefika milioni 62. Kisha pita tena na mkono. Mfuko wa saruji uliokaa zaidi ya miezi mitatu uminye pembeni: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, huo umekufa. Nondo yenye kutu ya juu juu bado ni mali, lakini bati lililotoboka si mali. Kopo la rangi lililofanya ngozi nene juu na kushikana chini halitauzwa. Vitasa vya mtindo wa zamani vitauzwa siku ambayo hatuijui. Ukitoa hivyo vyote, tuseme milioni 9, zinabaki 53.

Halafu lifuate daftari la madeni, na hapa ndipo penye kazi. Linasema wateja wanadaiwa milioni 21. Lifungue usome: "Fundi mrefu wa Makorora, 140,000." "Mama Chumbageni, salio." Mafundi warefu Makorora wako wangapi? Majina haya yanasomeka na mtu mmoja duniani, na huyo ndiye anayetaka kustaafu. Kwa hiyo mzee na kijana wa duka wapite pamoja kwa kila mdaiwa, deni likubaliwe, jina kamili na namba ya simu viandikwe, na mdaiwa asaini. Kazi hii inaweza kula miezi miwili. Madeni yaliyopita mwaka bila hata senti kulipwa yaondolewe kwenye hesabu, ingawa juhudi za kuyadai ziendelee. Tuseme ni milioni 8, basi zinabaki 13. Taslimu na benki ziko milioni 5. Gerezani wanadai milioni 18. Jumlisha 53, 13 na 5, toa 18: biashara ina thamani ya milioni 53.

Mzee atakasirika. Mwacheni akasirike wiki moja.

Jambo la tatu ni faida, na hapa wengi hujidanganya bila kujua. Duka linauza kama milioni 15 kwa mwezi. Ukitoa gharama ya bidhaa, mishahara, umeme, mlinzi, usafiri, leseni na kodi zinazolipwa sasa, mzee anabaki na milioni 2, naye anaziita faida. Lakini mzee halipi pango kwa sababu jengo ni lake. Fremu kama ile mtaani inapangishwa laki 5. Na mzee hajilipi mshahara. Akiondoka, kijana wa duka atapandishwa cheo na mtu mwingine ataajiriwa mahali pake, jambo litakalokula laki 5 nyingine. Kwa hiyo katika zile milioni 2, nusu ilikuwa kodi ya pango na ujira wa mzee. Faida halisi ya biashara ni milioni 1. Nayo usiitumie yote, kwa kuwa bei za bidhaa zinapanda, na asiyerudisha kitu dukani ataona rafu zikipungua hali mauzo ni yale yale. Acha laki 3 ndani. Zinazoweza kugawanywa ni laki 7 kwa mwezi.

Sasa tumefika kwenye makabidhiano yenyewe, na ushauri wangu ni huu: mzee asajili kampuni BRELA akiwa hai na mzima. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, haifi na mzee. Inapata namba yake ya mlipakodi, mashine yake ya EFD, leseni yake, akaunti yake na lipa namba yake. Vyote vinahamishwa mara moja, mzee akiwepo kusaini na kupiga simu. Baada ya hapo kinachohama ni hisa tu. Sifichi gharama: kampuni lazima kila mwaka ipeleke taarifa BRELA, na ipeleke TRA hesabu zilizopitiwa na mhasibu aliyesajiliwa, na mhasibu huyo hafanyi bure. Kwa genge la nyanya nisingeshauri. Kwa duka lenye thamani ya milioni 53 nashauri.

Tuigawe kampuni katika hisa 100, kila moja laki 5 na elfu 30. Kwa kuwa hakuna mtoto wa kulishika duka, kijana wa duka anunue 60, mzee abaki na 40. Hisa 60 ni milioni 31 na laki 8. Kijana hana fedha hizo, wala benki haitampa bila dhamana. Atalipa kidogo kidogo. Swali ni atalipa kwa fedha ya nani.

Nimeona mkataba ulioandikwa hivi: hisa zibaki za mzee, kijana alipe kutoka kwenye faida ya duka, akimaliza apewe hisa. Someni tena. Kama hisa zote bado ni za mzee, faida yote ni ya mzee. Basi mzee analipwa kwa fedha yake mwenyewe, na mwisho anatoa hisa bure. Ndiyo maana mirathi ikifika watoto husema baba alidhulumiwa, na mara hii wanasema kweli. Njia iliyonyooka ni kuhamisha hisa 60 mwanzoni, kwa bei iliyokubaliwa, na kijana abaki na deni lililoandikwa. Katika zile laki 7, gawio la hisa zake ni laki 4 na elfu 20, na hilo ni lake, alilipie deni. Aongeze elfu 100 kutoka mshahara wake mpya. Jumla laki 5 na elfu 20 kwa mwezi, na deni linakwisha kwa miezi 61 au 62, yaani miaka mitano na kidogo. Hesabu hii haijatoa kodi ya kampuni wala ile asilimia 10 ya zuio kwenye gawio. Zikitolewa muda unarefuka, hivyo mkataba uandikwe wa miaka saba na ruhusa ya kumaliza mapema. Uhamisho wa hisa nao hupitia TRA kwanza kwa makadirio ya kodi na ushuru wa stempu, ndipo BRELA wauandike. Ulizeni kiasi kabla ya kusaini, msiulize baada.

Na mzee ataishi kwa nini? Pango laki 5, gawio la hisa zake 40 laki 2 na elfu 80, na malipo ya kijana laki 5 na elfu 20. Inafika milioni 1 na laki 3 kwa mwezi, bila kuamka alfajiri. Deni likiisha zitabaki laki 7 na elfu 80. Mzee na mkewe wakae wapige hesabu kama zinatosha dawa, chakula na michango. Kama hazitoshi, hilo ni jambo la kujua leo na kulirekebisha, pengine kwa kuuza hisa 50 badala ya 60, au kwa kufanya kazi miaka miwili zaidi.

Kwa familia ya Kiislamu, na hii ni mojawapo, namna ya kukabidhi ina uzito wake. Wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na hauendi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Hiba ya uhai haina mpaka huo, lakini lazima ikabidhiwe kweli. Mzee akisema "nimempa" huku funguo ziko mfukoni mwake, hajatoa kitu. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia. Kuuza kwa bei ya haki ni jambo tofauti: mali imetoka, na thamani yake imeingia. Ndiyo maana nasisitiza mauzo, hata kwa mtu ambaye mzee angependa kumpa bure. Mauzo ya malipo ya baadaye yanaweza kupangiwa bei ya juu kidogo kuliko taslimu, mradi bei ni moja na imefungwa siku ya mkataba. Kinachokatazwa ni kuongeza kila mdaiwa anapochelewa.

Na kama mnunuzi angekuwa mtoto? Ningeshauri bei ile ile na karatasi zile zile. Mnaijua hadithi ya Nuuman bin Bashir, baba yake alipotaka Mtume ashuhudie zawadi aliyompa mtoto huyo peke yake. Aliulizwa kama amewapa wote vivyo hivyo, na alipojibu hapana, Mtume hakukubali kuwa shahidi. Mtoto anayenunua kwa bei iliyosomwa mbele ya ndugu zake hatakuwa na haja ya kujitetea baadaye. Kwa ndugu zetu Wakristo, na kwa wanaofuata mila, kanuni za mirathi ni nyingine, lakini mauzo ya uhai yanabaki mauzo kwa wote.

Katiba ya kampuni iwe na kifungu kimoja ambacho mwanasheria asipoweka mumuulize: mwenye hisa akifariki au akitaka kuuza, walio ndani wapewe nafasi ya kwanza kununua, kwa thamani inayopatikana kwa hesabu ile ile tuliyoifanya Jumapili. Mkataba wa pango nao uandikwe, useme muda na kodi, na useme utawabana warithi. La sivyo kijana atakuwa mmiliki wa duka ambalo mlango wake unaweza kufungwa na shemeji wa mtu. Na kwa ulinzi wa mzee: hadi deni liishe, hundi kubwa zisainiwe na wawili, na akikosa kulipa miezi mitatu mfululizo, hisa ambazo hazijalipiwa zirudi. Binti wa hesabu awe mkurugenzi wa pamoja, ashike vitabu. Huyo ndiye jicho la familia.

Karatasi zikiisha, imebaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kumtoa mzee kwenye kiti. Sitaki kuwadanganya, hapa ndipo mipango mingi huharibika. Mteja anakataliwa punguzo dukani, anakwenda nyumbani kwa mzee magharibi, mzee anampigia kijana: "Mpe tu." Siku hiyo duka limekuwa na bei mbili, na wiki ijayo wateja watatu watakwenda nyumbani. Jaribuni hivi: mzee aende Umra au kwa mwanawe Maskati, akae mwezi, simu ya biashara aiache dukani. Akirudi, msimuulize kijana kama mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu atasema vizuri. Angalieni kama Gerezani walitoa mzigo kwa neno la kijana. Angalieni kama daftari la madeni limenenepa. Kijana aliyeogopa kukataa atakuwa amekopesha kila mtu, na aliyekaza sana atakuwa amepoteza mafundi. Safari ya kwanza ya Gerezani waende wawili, mzee amtambulishe. Ya pili kijana aende peke yake na alipe deni dogo kabla ya siku yake. Mfanyabiashara wa jumla huanza kumwamini mtu mpya kwa malipo, na utambulisho unafungua mlango tu.

Mzee naye apewe kazi ya kweli, kwa kuwa mtu aliyesimama dukani miaka 30 ukimwambia apumzike anaugua. Kazi ipo: zile milioni 8 za madeni yaliyokufa. Hakuna anayeweza kuzifufua ila yeye, na kwa kuwa hatukuzihesabu katika bei, kila shilingi atakayoileta, robo iwe ya duka na robo tatu iwe yake. Mtamwona anatembea Makorora hadi Pongwe akiwa na furaha.

Nimalizie kwa swali ambalo najua mnalo: na mzee akifariki katikati? Tuseme baada ya miezi 24. Kijana amekwisha kulipa karibu milioni 12 na nusu, deni limebaki milioni 19 na laki 3 hivi. Siku ya pili ya msiba duka linafunguliwa, akaunti ya kampuni inafanya kazi, Gerezani wanaleta mzigo. Kinachokwenda mahakamani ni mali ya mzee: jengo, hisa zake 40, na deni analodaiwa kijana. Hisa 40 zinagawanyika bila kuvunja hata moja. Mke ana thumni, hisa 5. Zilizobaki 35, kila wa kiume 10, kila binti 5. Hakuna mrithi mwenye wingi wa kumfukuza kijana, na hakuna aliyetupwa nje. Malipo ya kila mwezi nayo hupitia kwa msimamizi wa mirathi na kugawanywa kwa mizani hiyo hiyo: mama elfu 65, kila binti elfu 65, kila wa kiume elfu 130, mpaka deni liishe. Kama mzee anatamani kumsamehe kijana sehemu ya deni, aandike wosia wake, na msamaha huo uhesabiwe ndani ya theluthi. Na kama kijana ndiye atakayetangulia, hisa zake 60 zinakwenda kwa warithi wake pamoja na deni lililobaki, nao wachague kuendelea kulipa au kurudisha zisizolipiwa.

Walio na daftari mkononi, tukae pale nyuma tuyasome majina.